Uchambuzi wa kisa: MySQL kukataa muunganisho mara baada ya seva ya hifadhidata kuwashwa upya

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chama cha akiba na mikopo cha Tanzania bara chenye ofisi kuu na matawi machache. Jina la chama, mji na watu vimeondolewa, na anwani za mtandao zimebadilishwa, lakini mpangilio wa mifumo na mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu mafunzo yote yamo humo.

Mfumo wa chama uliandikwa kwa Laravel na uliendeshwa kwenye seva ya kukodi iliyoko kwenye kituo cha data. Hifadhidata ilikaa mbali na programu: ilikuwa kwenye seva nyingine ndani ya ofisi kuu, ikitumia Ubuntu 22.04 na MySQL 8.0 iliyotoka kwenye vifurushi vya Ubuntu yenyewe. Bodi ndiyo iliyotaka kumbukumbu za wanachama zisitoke nje ya jengo. Seva hizo mbili ziliunganishwa kwa VPN ya WireGuard, ambapo seva ya programu ilikuwa na anwani 10.8.0.1 na seva ya hifadhidata ilikuwa na 10.8.0.2.

Miezi kadhaa kabla ya tukio, fundi wa mifumo alikuwa amebadilisha mstari mmoja katika faili la usanidi la MySQL. Hapo awali MySQL ilisikiliza kwenye 127.0.0.1 peke yake. Ili programu iweze kuifikia kupitia VPN, aliandika hivi:

```
bind-address = 10.8.0.2
```

Akaiwasha upya huduma ya MySQL, programu ikaunganishwa, kazi ikaendelea. Tangu siku hiyo huduma iliwahi kuwashwa upya mara chache, lakini mashine yenyewe haikuzimwa hata mara moja hadi siku ya kisa hiki.

Kilichotokea

Alfajiri, fundi aliweka maboresho ya usalama ya keneli na kuiwasha upya seva ya hifadhidata kwa amri ya `reboot`. Logi za mashine zinaonyesha ilikuwa 05:40. Dakika moja baadaye aliweza kuingia kwa SSH kupitia mtandao wa ofisi, akaona keneli mpya imeshika, akatoka. Hakufungua mfumo wa wanachama, na hapakuwa na chombo chochote cha kumtahadharisha kwamba hifadhidata haijibu.

Saa 2 na dakika 10 asubuhi, makarani wa madirishani walipiga simu kusema kwamba kila ukurasa unatoa hitilafu. Katika logi ya Laravel ulikuwepo mstari huu, ukijirudia mara nyingi mno:

```
SQLSTATE[HY000] [2002] Connection refused
```

Msanidi programu ndiye aliyepokea simu hiyo, na alianza upande anaoufahamu. Alifuta akiba ya usanidi kwa `php artisan config:clear`, akaiwasha upya PHP-FPM, akahakikisha kwamba jina la mtumiaji na neno la siri ndani ya faili la `.env` ni sahihi. Hakuna kilichobadilika, na zaidi ya nusu saa ilipita. Alipompata fundi kwenye simu, ombi lake la kwanza lilikuwa: "Kaka, fungua poti 3306 kwenye fayawoli kwa muda, tujaribu." Fundi alijibu: "Hapana dada, tujue kwanza anayetukataa ni nani."

Jibu hilo liligeuza mwelekeo wa kazi yote. Kutoka kwenye seva ya programu waliuliza poti moja kwa moja, bila kuihusisha PHP:

```
nc -vz 10.8.0.2 3306
```

Jibu lilirudi papo hapo: `Connection refused`. Kisha, kwenye seva ya hifadhidata, `systemctl status mysql` ilionyesha huduma iko katika hali ya `failed`, na `ss -ltn` haikuonyesha chochote kinachosikiliza poti 3306. Fundi alipojaribu kuingia palepale kwenye mashine kwa amri ya `mysql`, alipata hitilafu ya soketi yenye namba 2 kwenye mabano mwishoni. Namba hiyo ni ya mfumo wa uendeshaji na maana yake ni kwamba faili la soketi halipo kabisa. Kama faili lingekuwepo lakini hakuna anayesikiliza, namba ingekuwa 111.

Uamuzi wa kusoma logi kabla ya kuiwasha huduma

Hapa palikuwa na kishawishi kikubwa cha kuandika `systemctl start mysql` na kumaliza. Foleni ya wanachama ilikuwa inaongezeka, na kwa hakika amri hiyo ingefanya kazi. Fundi aliamua kutumia dakika chache kunakili ushahidi kwanza, kwa hoja kwamba huduma ambayo haikuinuka yenyewe asubuhi hii haitainuka yenyewe siku umeme utakapokatika usiku, na siku hiyo huenda hayupo mtu wa kuiwasha. Ninaona uamuzi huo ulikuwa sahihi, hasa kwa kuwa aliuwekea mpaka wa muda: dakika chache tu, kisha huduma iwashwe hata kama chanzo hakijajulikana.

Katika `/var/log/mysql/error.log` alikuta mistari hii, ikiwa imejirudia mara tano:

```
[ERROR] [MY-010262] [Server] Can't start server: Bind on TCP/IP port: Cannot assign requested address
[ERROR] [MY-010257] [Server] Do you already have another mysqld server running on port: 3306 ?
[ERROR] [MY-010119] [Server] Aborting
```

Mambo mawili karibu yawapoteze. La kwanza ni saa. Mistari hiyo ilionyesha 02:41, ilhali mashine iliwashwa upya saa 05:40, na msanidi alidhani kwamba ni hitilafu ya zamani isiyohusika. MySQL 8.0, isipoelekezwa vingine, huandika logi yake ya hitilafu kwa saa za UTC, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo 02:41 ya logi hiyo ilikuwa 05:41 ya ofisini, yaani dakika ileile mashine ilipokuwa inaamka.

La pili ni mstari wa kati, unaouliza kama ipo MySQL nyingine inayotumia poti hiyo. Swali hilo huandikwa kila mara MySQL inaposhindwa kuikamata anwani na poti yake, hata kama sababu si poti kutumiwa na mwingine. Sababu halisi iko mwishoni mwa mstari wa kwanza. Poti ingekuwa imeshikwa na programu nyingine, pale pangeandikwa `Address already in use`. Hapa palikuwa na `Cannot assign requested address`, yaani keneli iliambiwa ifungue poti kwenye anwani 10.8.0.2 ikajibu kwamba hakuna kadi yoyote katika mashine hii yenye anwani hiyo.

Baada ya kunakili hayo, huduma iliwashwa kwa mkono. Iliinuka ndani ya sekunde chache, na kurasa za mfumo zikaanza kufunguka bila kugusa chochote upande wa programu, kwa kuwa PHP hufungua muunganisho mpya kwa kila ombi.

Kwa nini anwani haikuwepo

Anwani 10.8.0.2 haimo katika kadi ya mtandao ya kawaida. Huundwa na huduma ya `wg-quick@wg0` inapoinua VPN. Faili la huduma la MySQL lililokuja na Ubuntu, kwa upande wake, lina sharti hili tu kuhusu mtandao:

```
After=network.target
```

Wengi husoma mstari huo kana kwamba unasema "subiri mtandao uwe tayari". Wakati mashine inapowaka, `network.target` humaanisha tu kwamba programu zinazosimamia mtandao zimeshaanzishwa. Hauahidi kwamba kadi fulani imepata anwani, sembuse VPN inayokuja baadaye. Anayesubiri mtandao uwe tayari kweli ni `network-online.target`, na `wg-quick@wg0` ndiyo inayousubiri huo. Kwa hiyo MySQL ilianza mapema, na VPN ilianza baadaye, kila huduma ikifuata maagizo yake bila kuijali nyingine.

Kwenye mashine nyingi pengo kati ya hatua hizo mbili ni la sekunde chache, na MySQL ingeweza kujaribu tena na kufanikiwa. Hapa pengo lilikuwa la dakika mbili. Seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao, ya pili ikiwa haijachomekwa waya, lakini imeandikwa katika usanidi wa netplan kama kadi inayotakiwa kupata anwani. Huduma ya `systemd-networkd-wait-online` iliisubiri kadi hiyo hadi muda wake wa kawaida wa sekunde 120 ukaisha, ndipo mambo yaliyokuwa nyuma yake, VPN ikiwemo, yakaruhusiwa kuendelea.

Inabaki kueleza kwa nini MySQL haikuendelea kujaribu kwa dakika hizo mbili. Faili lake la huduma lina `Restart=on-failure`, yaani ikianguka iinuliwe tena. Lakini systemd ina kikomo: huduma ikianzishwa mara tano ndani ya sekunde 10, haiinuliwi tena yenyewe. Hifadhidata ilikuwa imezimwa vizuri wakati wa `reboot`, kwa hiyo haikuwa na marekebisho ya kufanya. Kila jaribio lilifika kwenye hatua ya kukamata anwani, likashindwa na kufa ndani ya muda usiofika sekunde mbili. Majaribio matano yakaisha kabla ya sekunde 10, na `journalctl -u mysql -b` ikaonyesha mstari wa mwisho:

```
mysql.service: Start request repeated too quickly.
```

Kuna jambo la ajabu hapa. Laiti seva hiyo ingekuwa na diski ya polepole, kila jaribio likichukua sekunde tatu, kikomo kisingefikiwa, MySQL ingeendelea kujaribu hadi VPN iinuke, na kosa hili lingejificha kwa miaka. Mashine yenye kasi ndiyo iliyolifichua.

Ushahidi uliokuwepo tangu alfajiri

Walipoirudia logi ya Laravel kwa utulivu, waliona kwamba mistari ya alfajiri haikuwa ya aina moja. Mfanyakazi wa foleni, yaani mchakato unaotuma meseji kwa wanachama, alikuwa akiiuliza hifadhidata alfajiri hiyo, na aliacha alama. Kwa dakika tatu hivi tangu mashine izimwe, hitilafu ilikuwa `Connection timed out`. Kuanzia karibu 05:43 ikageuka kuwa `Connection refused`, na ndiyo ileile waliyoikuta makarani walipofika kazini.

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha kisa chote. Muda unapoisha bila jibu, pakiti zimeenda na hakuna kilichorudi: mashine imezimwa, njia imekatika, au fayawoli inazimeza kimya. Muunganisho unapokataliwa, jibu limerudi kutoka kwa mashine ya upande wa pili, keneli yake ikisema kwamba anwani hii ni yangu lakini katika poti hiyo hakuna anayesikiliza. Fayawoli iliyopangwa kukataa waziwazi inaweza kutoa jibu lilelile, lakini katika seva hii sheria za fayawoli zilikuwa za kumeza pakiti, hivyo uwezekano huo uliondoka mapema.

Ina maana kwamba mstari wa kwanza wa `Connection refused` ulikuwa ushahidi kwamba VPN imeshainuka na anwani 10.8.0.2 ipo. Anwani ambayo MySQL iliikosa saa 05:41 ilikuwepo saa 05:43, na MySQL ilikuwa imeshakata tamaa. Ndiyo maana pia amri ya kuiwasha kwa mkono ilifaulu mara moja, jambo ambalo kwa asiyefuatilia lingeonekana kama muujiza na kumfanya afunge faili.

Ushahidi huo ulionyesha pia kwamba ombi la kufungua poti kwenye fayawoli lisingesaidia chochote. Pakiti zilikuwa zinafika. Lingeacha mlango wazi bila kutatua tatizo, na milango ya aina hiyo iliyofunguliwa "kwa muda" husahaulika.

Suluhisho walilochagua na waliyoyaacha

Njia iliyopendekezwa kwanza ilikuwa kuandika `bind-address = 0.0.0.0`, ili MySQL isikilize kwenye anwani zote na isijali VPN imeinuka lini. Ni njia inayofanya kazi kweli. Waliikataa kwa sababu seva hiyo imo katika mtandao wa ofisi, ambamo Wi-Fi ya wageni haikuwa imetenganishwa na kompyuta za kazi, na kati ya simu ya mgeni na hifadhidata ya wanachama pangebaki fayawoli peke yake.

Njia ya pili ilikuwa kuweka `net.ipv4.ip_nonlocal_bind = 1`, mpangilio wa keneli unaoruhusu programu kukamata anwani ambayo bado haipo. Nayo ingetosha, lakini ingeihusu kila programu ndani ya mashine, na ingeficha makosa ya anwani yaliyoandikwa vibaya: MySQL ingeinuka vizuri ikisikiliza kwenye anwani isiyokuwepo, na hakuna logi ambayo ingelalamika.

Walichagua kuieleza systemd mpangilio halisi. Kwa `systemctl edit mysql` waliongeza:

```
[Unit]
Wants=wg-quick@wg0.service
After=wg-quick@wg0.service

[Service]
RestartSec=5
```

Sehemu ya kwanza inasema kwamba VPN ianzishwe, na MySQL isianze mpaka VPN imalize kuinuka. Walitumia `Wants` badala ya `Requires` kwa makusudi. Kwa `Requires`, fundi akiizima au kuiwasha upya VPN kwa marekebisho madogo, systemd ingeizima au kuiwasha upya MySQL pamoja nayo, na jambo hilo halina haja: MySQL iliyokwisha kukamata anwani hubaki na soketi yake hata anwani ikiondolewa kwa muda, na anwani ikirudi mawasiliano yanaendelea.

Sehemu ya pili ni bima. VPN ikishindwa kabisa kuinuka, `Wants` haitaizuia MySQL kuanza, nayo itashindwa kama zamani. Kwa kuweka sekunde tano kati ya jaribio na jaribio, kikomo cha mara tano ndani ya sekunde 10 hakiwezi kufikiwa, kwa hiyo MySQL itaendelea kujaribu hadi anwani ipatikane. Mwisho, kadi isiyochomekwa waya ilipewa `optional: true` katika netplan, ili mashine isiisubiri tena.

Matokeo

Usiku wa siku hiyo, makarani wakiwa wametoka, seva iliwashwa upya tena kwa makusudi. Safari hii hawakuishia kwenye SSH. Waliangalia `ss -ltn` na kuona 10.8.0.2:3306 inasikilizwa, wakatumia `systemd-analyze critical-chain mysql.service` kuthibitisha kwamba MySQL imeanza baada ya `wg-quick@wg0`, kisha wakaingia kwenye mfumo wa wanachama kama mtumiaji wa kawaida.

Hata hivyo kulikuwa na madhara yaliyoendelea baada ya hifadhidata kurudi asubuhi, nayo yalionekana mchana tu, wanachama walipolalamika kwamba hawajapata meseji za marejesho yao. Mfanyakazi wa foleni alisimamiwa na Supervisor, ambayo ilipangwa kumhesabu kuwa ameanza vizuri ikiwa ataishi sekunde 10. Wakati wa `Connection timed out`, kila jaribio la kuunganishwa lilikaa makumi ya sekunde, kwa hiyo mchakato ulipita kipimo hicho na Supervisor iliendelea kuuinua kila ulipokufa. Hali ilipogeuka kuwa `Connection refused`, jibu lilikuja papo hapo, mchakato ukafa kabla ya sekunde 10, na baada ya majaribio yaliyoruhusiwa Supervisor iliuweka katika hali ya `FATAL`, ambayo haitoki bila mtu kuutoa kwa `supervisorctl start`. Kurasa zilipona zenyewe, mfanyakazi wa foleni hakupona.

Tathmini

Kilichofanya kazi ni swali la fundi la nani anakataa, na subira yake ya dakika chache kabla ya kuiwasha huduma. Bila mistari ile ya logi iliyojirudia mara tano pamoja na mstari wa kikomo cha systemd, pangebaki maelezo ya juujuu kwamba MySQL "haikuinuka", na kwa maelezo hayo watu wengi huandika kazi ya cron inayoiwasha kila dakika.

Kilichoshindwa kilianza mapema kuliko asubuhi hiyo. Mabadiliko ya `bind-address` yalijaribiwa kwa kuiwasha upya huduma katika mashine ambayo mtandao wake wote ulikuwa umeshainuka, kwa hiyo jaribio lilithibitisha kwamba anwani ni sahihi, lakini halikuweza kusema lolote kuhusu mpangilio wa uwashaji. Mstari unaotaja anwani ya VPN, diski inayopachikwa kutoka kwingine au jina linalotafsiriwa na DNS unaweza kujaribiwa kwa ukamilifu kwa `reboot` tu.

Ukaguzi wa alfajiri ulikuwa na upungufu wa namna hiyohiyo: SSH ilipita kwenye kadi ya ofisi, wakati programu hupita kwenye VPN. Amri ile ya `nc`, ikiendeshwa kutoka seva ya programu dakika tatu baada ya `reboot`, ingeonyesha tatizo wakati makarani bado wako nyumbani.

Atakayekutana na `Connection refused` baada ya kuwasha upya asichukulie kwamba chanzo ni hiki. Ikiwa `systemctl is-enabled mysql` inajibu `disabled`, huduma haikuagizwa kuanza kabisa. Ikiwa `systemctl status mysql` inaonyesha `activating` na logi inazungumzia InnoDB kurekebisha data, mashine ilizimika vibaya, na MySQL haifungui poti mpaka imalize. Programu itakataliwa muda wote huo, na kuikatiza MySQL katikati huifanya ianze marekebisho upya. Kinachotambulisha kisa kama hiki ni mambo matatu yakiwa pamoja: huduma iko `failed`, logi yake ina `Cannot assign requested address`, na anwani inayotajwa katika `bind-address` inaonekana sasa hivi ukiandika `ip addr`.